Bei ya Mnada Siyo Bei ya Mkulima

Kila mwaka ikifika Oktoba, vyombo vyetu vya habari hugundua upya kwamba Mtwara ipo. Mnada wa kwanza wa korosho unafanyika, picha za magunia zinapigwa, na kesho yake kichwa cha habari kinatangaza kwamba korosho imeuzwa kwa elfu tatu na ushee, au elfu nne, kwa kilo. Sisi tulioko mjini tunasoma, tunazidisha kilo kwa bei, tunahitimisha kwamba wajomba zetu kule Newala na Tandahimba wameula. Halafu Januari mjomba anapiga simu kuomba nauli.

Sasa tujiulize, kati ya ile bei ya gazetini na ile nauli, fedha zimepita wapi? Jibu jepesi ambalo utalisikia kwenye daladala yoyote ni kwamba viongozi wa ushirika ni wezi. Wapo wezi, sibishi. Ila jibu hilo linatufanya tuache kufikiri mapema mno. Hoja yangu leo ni kwamba tatizo kubwa la ushirika wa korosho linaanza kabla ya wizi wenyewe, maana mwanachama hana namna ya kutofautisha hasara na wizi. Mkononi kwake vyote viwili vina sura moja, yaani fedha pungufu. Na pale ambapo hasara na wizi havitofautiani, mwizi anajificha nyuma ya hasara, na kiongozi mwaminifu anachomewa nyumba kwa sababu ya bei ya soko la dunia.

Twende taratibu. Mfumo wa stakabadhi ghalani unatokana na sheria ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza Mtwara msimu wa 2007/08. Kabla ya hapo, tangu biashara ya mazao ilegezwe miaka ya 1990, mnunuzi binafsi alikuwa anamfuata mkulima kijijini na kumpa bei aitakayo. Mkulima mwenye magunia mawili, asiyejua bei ya Tuticorin wala Kochi huko India ambako korosho yetu nyingi ghafi ilikuwa ikienda kubanguliwa, anabishana na mtu mwenye lori, simu na fedha taslimu. Hapo hakuna mabishano. Wazo la kuuza kwa pamoja lilikuwa kugeuza meza: mzigo wa wengi uwekwe sehemu moja, wanunuzi ndio waje washindane mbele ya wenye mali.

Kwenye hilo, ni haki kusema mfumo ulifanya kazi yake. Mnunuzi analeta zabuni, anataja kilo anazotaka na bei, na wakulima wakiwa pale mnadani wanaweza kukubali au kukataa. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa kweli, bei zilipokuja chini ya shilingi 3,000 baada ya msimu uliotangulia kuvuka 4,000. Mkulima mmoja mwenye gunia mbili hawezi kumwambia mnunuzi "ondoka na hela yako". Wakulima wote pamoja wanaweza. Hii ndiyo faida ya ushirika, na anayetaka kuuvunja inabidi aanze kwa kutuambia ataiweka wapi nguvu hiyo.

Tatizo ni kwamba mnada ni hatua moja tu. Tufuate gunia. Mkulima anaokota korosho zake, anazianika, anachambua, anapeleka kwenye ghala la chama cha msingi, kile tunachokiita AMCOS. Pale karani anazipanga kwa daraja, anapima, anaandika, na kumpa mkulima risiti. Chama kikishakusanya cha kutosha, kinapakia lori kwenda ghala kuu. Kule mzigo unapimwa tena, na mwendesha ghala anatoa stakabadhi. Kisha chama kikuu, kama TANECU kwa Tandahimba na Newala au MAMCU kwa Masasi na Mtwara, kinapeleka mzigo mnadani. Ukishauzwa na kulipiwa, fedha zinakatwa tozo na gharama, ndipo kinachobaki kinashuka kwa mkulima.

Umeona kitu hapo? Stakabadhi yenyewe, ile karatasi yenye jina la mfumo mzima, haitolewi kwa jina la mkulima. Inatolewa kwa jina la chama kilicholeta mzigo. Mkulima anabaki na risiti ya mzani wa kijijini. Hivyo kuna mizani miwili na karatasi mbili, na katikati yake kuna safari ya lori. Karatasi ya kwanza anaijua mkulima. Ya pili wanaijua viongozi. Ushirika unaishi au unakufa kutegemea kama karatasi hizo mbili huwa zinakutana mbele ya watu.

Sasa nikupeleke Liwale, Aprili 2013. Miaka ile ya mwanzo mfumo uliendeshwa kwa malipo ya awamu. Chama kilikopa benki kwa dhamana ya korosho zilizoko ghalani, kikamlipa mkulima malipo ya awali, kisha baada ya kuuza kikamlipa malipo ya pili. Msimu ule wakulima wa Liwale walishapokea shilingi 600 kwa kilo na walikuwa wanasubiri 600 nyingine. Wakaambiwa malipo ya pili ni 200. Kilichofuata ni moto. Nyumba za viongozi wa ushirika na wanasiasa zilichomwa, polisi wakapelekwa, na nchi nzima ikaanza kuuliza kulikoni.

Kulikoni? Nitakupa mfano wa hesabu. Hizi siyo hesabu za Liwale, ni za chama cha kufikirika, nimezitunga ili uone mtambo unavyofanya kazi. Chama kimekusanya kilo 100,000. Kimekopa benki na kulipa malipo ya awali ya shilingi 600 kwa kilo, yaani shilingi milioni 60. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Wanunuzi wakasusa kidogo, mzigo ukakaa ghalani miezi sita, riba ikafika milioni 5.4, sawa na shilingi 54 kwa kila kilo. Mwisho mnada ukatoa shilingi 1,000 badala ya ile 1,200 iliyokuwa bei dira. Magunia, usafiri, ghala, ushuru na fungu la chama vikala shilingi 150. Toa 600, toa 54, toa 150 kwenye 1,000. Inabaki 196.

Soma tena hesabu hiyo. Mkulima aliyeahidiwa 600 anapata 196, na hakuna mtu aliyeiba hata senti tano. Bei imeshuka kwa 200, lakini malipo ya pili yameshuka kwa 404, kwa sababu malipo ya pili ndiyo yanayobeba mzigo wote. Benki inachukua chake kwanza, halmashauri inachukua chake, mwenye lori anachukua chake, na mkulima ambaye ndiye mwenye mali anasimama mwisho wa foleni. Kwenye biashara yoyote mwenye mali ndiye hubeba hasara, hilo halina ubishi. Ila mwenye mali wa kawaida huwa anajua kwamba amekopa. Ni wanachama wangapi waliofahamu kwamba yale malipo ya awali ulikuwa mkopo wao wenyewe, unaotembea na riba kila siku ambayo korosho imelala ghalani?

Kisheria walipaswa kufahamu. Kila mwaka mkutano mkuu wa chama hupitisha makisio ya mapato na matumizi, na pamoja nayo kitu kinaitwa ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho bodi inaruhusiwa kukopa kwa jina la wanachama. Hicho ndicho kipengele kizito kuliko vyote kwenye ajenda. Lakini mara nyingi mikutano mikuu yetu huwa hivi: taarifa ya ukaguzi inasomwa harakaharaka kwa lugha ya wahasibu, jua limeshakuwa kali, mgeni rasmi ametumia saa nzima, na harufu ya pilau imeshaanza kufika ukumbini. Mwenyekiti anauliza, "Wanaoafiki?" Mikono inanyooshwa. Milioni kadhaa za deni zimepita kati ya hotuba na chakula.

Haya, hiyo ni hasara isiyo na mwizi. Sasa tumuingize mwizi tuone kama utamtambua.

Korosho iliyoanikwa vizuri bado hupoteza uzito kidogo ikikaa, maana unyevu unaendelea kutoka. Kwa wenyewe huko kusini huu unaitwa unyaufu. Hata pale ambapo hakuna makato yaliyoandikwa kwa jina hilo, uzito uliopungua hauwezi kufutwa kwa waraka, lazima ukae kwenye hesabu ya mtu. Turudi kwenye chama chetu cha kufikirika. Kilo 100,000 zilizopimwa kijijini zikafika 98,000 wakati wa kuuza. Mauzo ni milioni 98. Toa milioni 60 za malipo ya awali, milioni 5.4 za riba, na milioni 14.7 za gharama. Inabaki milioni 17.9 ya kugawa kwa kilo zile 100,000 zilizoandikwa kijijini. Malipo ya pili sasa ni shilingi 179. Je, zile kilo 2,000 zimekauka au zimeshushwa njiani usiku? Mkulima anaona 179 badala ya 196. Hana pa kuanzia hata kuuliza.

Wizi wa kitaalamu zaidi, hata hivyo, hauonekani kama upungufu. Unaonekana kama hakuna kilichotokea. Mzani unachezewa ili kila kilo 50 zisomeke 49. Wakulima wameleta kilo 100,000 halisi, zikaandikwa 98,000. Pale chamani kuna kilo 2,000 zisizo na jina. Hazitaachwa ziende ghala kuu zikiwa yatima, maana zitaonekana kama ziada. Zinaandikwa kwa jina la mtu: shemeji wa karani, kijana asiye na hata mti mmoja, au jina tu lisilo na mtu, yule tunayemwita mkulima hewa. Kwa bei ya shilingi 3,000, ni milioni 6 safi. Mkaguzi akija baadaye anakuta vitabu vimekaa sawasawa kabisa: kilo zilizopokelewa zinalingana na kilo zilizouzwa na kilo zilizolipwa. Hati safi!

Ndiyo maana nasema ukaguzi wa mwisho wa mwaka, ule wa COASCO au wa kampuni yoyote, una kikomo. Mkaguzi anasoma karatasi, na karatasi imeshatengenezwa. Nani basi anaweza kumkamata mkulima hewa? Ni kijiji. Bibi mmoja aliyekaa barazani anajua kila shamba lina miti mingapi, nani alipulizia salfa mwaka huu na nani hakupulizia, nani mikorosho yake iliingiwa na ubwiriunga ikakausha maua yote. Mpe bibi huyo orodha ya wauzaji na kilo zao, atakusomea kwa dakika kumi nani hana shamba. Hakuna mfumo wa kompyuta wenye taarifa alizonazo. Lakini orodha hiyo ndiyo haibandikwi ubaoni.

Najua nitajibiwa nini. Kubandika majina na kilo ni kuwaalika vibaka, wadai na mashemeji. Ni hoja ya kweli, siidharau. Mtu aliyeuza tani tatu hataki mtaa mzima ujue. Pengine kinachowezekana ni orodha kusomwa na kamati ndogo ya wanachama wanaochaguliwa kwa kura kila msimu, wasio ndugu wa bodi, huku mwanachama yeyote akiruhusiwa kwenda ofisini kuikagua kwa macho yake. Lakini lazima pawe na macho ya kijiji kwenye orodha ile kabla ya fedha kutoka. Baada ya fedha kutoka unachobaki nacho ni kesi.

Sasa niende kwenye misingi. Chama cha ushirika duniani kote kinatambulika kwa misingi saba iliyokubaliwa mwaka 1995, yenye mizizi kwa wafumaji wa Rochdale kule Uingereza mwaka 1844. Kwa kifupi: uanachama wa hiari, udhibiti wa kidemokrasia wa wanachama, wanachama kuchangia na kunufaika kiuchumi, kujitawala, elimu na taarifa, vyama kushirikiana, na kujali jamii. Watu huikariri kwenye semina kama amri kumi. Mimi nataka tuangalie wa kwanza tu, hiari, na unavyoigusa mingine.

Kwenye korosho, hiari imebaki jina. Korosho ghafi inapaswa kupita kwenye chama na mnada, na mkulima hana ruhusa ya kumuuzia mtu mwingine kijijini. Naelewa sababu yake. Kila mmoja akiuza kivyake, mzigo wa pamoja unayeyuka na wanunuzi wanarudi kwenye raha zao za miaka ya 1990. Kwa hiyo mimi si mpinzani wa kulazimisha mzigo wote kwenda mnadani. Ila tuwe wakweli juu ya gharama ya uamuzi huo. Mteja wa duka akipunjwa, anahamia duka la jirani, na muuzaji anajifunza adabu. Mkulima wa korosho akipunjwa, kesho anarudi kwenye mzani uleule. Tumemfungia mlango wa kutokea. Tukishaufunga, haki inatudai tumpe sauti kubwa mara mbili ndani ya nyumba: mzani anaouona, hesabu anazozielewa, na uchaguzi unaoweza kweli kumng'oa mwenyekiti. Sisi tumefunga mlango na sauti hatujampa.

Ndipo anapoingia kangomba. Kwa msomaji asiyejua, kangomba ni biashara ya kununua korosho kichochoro, mara nyingi kwa kupima na bakuli na mara nyingi kabla ya msimu. Mkulima anahitaji fedha ya salfa kati ya Mei na Agosti, ada ya shule Julai, unga kila siku. Korosho zinaanza kuokotwa Septemba na Oktoba. Mwenye fedha anampa leo, atalipwa kwa korosho kesho, kwa bei ya kuumiza. Kahawa kule Kagera wana dada yake, anaitwa butura. Kila mwaka mamlaka zinatangaza vita dhidi ya kangomba, watu wanakamatwa, magunia yanataifishwa, na mwaka unaofuata kangomba yupo palepale.

Kwa maoni yangu, kangomba ni kipimajoto. Ukikivunja kipimajoto, homa haishuki. Mkulima anayeuza bakuli kwa nusu ya bei si mjinga. Amelinganisha nusu ya bei mkononi leo na bei kamili ambayo hajui itafika lini wala itafika ikiwa kamili kiasi gani, akaamua. Sehemu ya uamuzi wake ni njaa, na hiyo dawa yake ni mkopo wa pembejeo kwa riba inayobebeka. Sehemu nyingine ni kutoamini mzani na makato, na hiyo dawa yake iko ndani ya chama chenyewe. Kiongozi wa AMCOS anayetaka kujua kama wanachama wake wanamwamini, asisome kumbukumbu za mkutano. Aangalie mabakuli.

Na Serikali je? Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnadani, Rais Magufuli aliamua Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakasomba mzigo. Bei ile ilikuwa nzuri kuliko zile zilizokuwa mezani, na wakulima wengi walishangilia. Halafu ukaja uhakiki, kutenganisha wakulima na wafanyabiashara wa kangomba, na malipo ya wengine yakavuka kuingia 2019. Hapa angalia kilichotokea kwenye misingi. Chama kilichotakiwa kujua nani ni mkulima wake na ana shamba gani hakikuaminiwa kujua. Maofisa wakatoka nje kwenda kuhesabu miti. Kama orodha za wanachama zingekuwa zinasomwa na kijiji kila msimu, uhakiki ule ungekuwa umeshafanyika kabla hata malori hayajawasha injini.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika ikisema vimeshindwa, na kazi ikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha, kwa kuwa mamlaka nazo zilionekana kuwa na magonjwa yaleyale na makubwa zaidi. Tunachojifunza ni kwamba kumwondoa mwenyekiti wa kijiji na kumweka ofisa wa mkoa hakubadilishi swali la nani anauona mzani. Kunasogeza tu mzani mbali zaidi na mwenye korosho.

Msimu wa 2024/25 minada ikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bei zinashindanishwa kwenye skrini mbele ya wote, ile ya maboksi na bahasha inaondoka. Ni hatua nzuri na nimeipenda. Lakini skrini inaonyesha bei ya kilo iliyofika ghalani. Haijui kilo ngapi zilitoka shambani, wala haijui shemeji wa karani. Tumeisafisha sehemu ya mfumo ambayo tayari ilikuwa inaonekana na watu wengi zaidi, na ile ya gizani tumeiacha na giza lake.

Basi nimalizie kwa vitu vinavyofanyika, wala havihitaji mfadhili. Cha kwanza, kabla ya kupima korosho asubuhi, kiwepo kitu cha uzito unaojulikana, kipimwe kwenye mzani ule mbele ya wakulima waliokuja. Mzani uliochezewa hautaficha. Cha pili, kila jioni jumla ya kilo zilizopokelewa iandikwe ubaoni kwa chaki, na lori likiondoka, karatasi ya uzito wa ghala kuu ibandikwe pembeni yake. Tofauti ikiwa ndogo na inayobadilika kufuatana na hali ya hewa na siku za kukaa, huo ni unyaufu. Ikiwa ni asilimia ileile kila lori, mvua au jua, hiyo imepikwa. Ikiwa hakuna tofauti kabisa, gramu kwa gramu, msimu mzima, hapo ndipo uanze kuogopa zaidi, maana korosho halisi haina nidhamu ya namna hiyo.

Cha tatu, mkutano mkuu usome hesabu kwa kilo moja. Achana na mamilioni ambayo hakuna anayeweza kuyashika kichwani. Sema hivi: kilo yako iliuzwa shilingi kadhaa mnada wa tarehe fulani, ghala lilichukua hizi, usafiri hizi, halmashauri hizi, chama kikuu hizi, chama chako hizi, zilizobaki ni hizi. Mistari sita au saba. Mzigo ukiuzwa kwa bei ya juu na ya chini siku moja, sema kilo zetu zilikwenda kwa ipi, au zimewekwa wastani. Mtu aliyeishia darasa la saba anaifuata hesabu hiyo bila taabu, na atauliza maswali ambayo mkaguzi mwenye shahada hakuuliza.

Na wewe msomaji mwenzangu wa mjini, ambaye pengine ada yako ya chuo iliokotwa chini ya mkorosho, unaporudi nyumbani Desemba usiishie kupeleka vitenge na mkate wa kipande. Muombe mzee risiti zake za msimu. Kaa naye kivulini, zijumlishe kilo, zilinganishe na fedha iliyoingia benki, gawanya upate shilingi kwa kilo, kisha nendeni wote wawili pale chamani mkaulize kwa adabu kila shilingi iliyopungua imekwenda kwa nani. Kiongozi mwaminifu atafurahi, kwa kuwa naye anahitaji ushahidi kwamba hasara siyo yeye. Asiye mwaminifu atasema mmetumwa.

Naomba kutoa hoja.